Jibu Limekataa: Kutafuta Kosa kwenye Ujazo na Eneo la Mcheduara, Pia na Tufe

Binti wa kidato cha pili aliniletea daftari lililofutwafutwa hadi karatasi imekonda. Swali lilihusu kihenge cha bati cha kuhifadhia mahindi: mwili wa mcheduara, na juu yake paa la pia, lile umbo la paa la msonge. Mchoro ulikuwa na vipimo vitatu: 2.8 m, 2.5 m na 1.05 m. Swali lilitaka ujazo wa kihenge chote. Yeye alipata 70.224. Nyuma ya kitabu pameandikwa 17.556.

"Mwalimu, nimerudia kuzidisha mara tatu, inatoka ileile."

"Kuzidisha kwako hakuna tatizo. Hebu gawanya 70.224 kwa 17.556."

Akabonyeza kikokotoo. "Nne. Nne kamili, haina hata nukta."

"Basi kosa ni moja, na tunalijua. Weka kidole kwenye ile 2.8. Mshale wake unaanzia wapi, unaishia wapi?"

Kidole kikatoka ukuta wa kushoto, kikapita katikati ya duara, kikagota ukuta wa kulia. Akatulia kidogo. "Kumbe ni kipenyo."

Hii ndiyo njia ninayoitumia kila mwanafunzi anapokuja na jibu lililokataa. Kabla ya kurudia hesabu yote, gawanya jibu lako kwa jibu la kitabu. Makosa ya maumbo haya ni machache, na karibu kila moja huacha namba yake. Ukiijua namba, unajua pa kuangalia. Nitatumia kihenge kilekile hadi karibu na mwisho, kwa hiyo kwanza tukifanye sawasawa. Herufi r ni nusukipenyo, h ni kimo cha wima, na l ni mshazari, yaani urefu wa ubavu wa pia kutoka ncha hadi ukingo wa chini.

```
Mcheduara  ujazo = πr²h      eneo la ubavu = 2πrh
Pia        ujazo = πr²h/3    eneo la ubavu = πrl    l² = r² + h²
Tufe       ujazo = 4πr³/3    eneo = 4πr²
```

Kipenyo ni 2.8 m, hivyo r ni 1.4 m. Kwa π ya 22/7, eneo la duara la sakafu ni 6.16 m². Mwili una kimo cha 2.5 m, kwa hiyo ujazo wake ni 15.4 m³. Paa lina kimo cha 1.05 m: 6.16 mara 1.05, gawanya kwa 3, unapata 2.156 m³. Jumla ni 17.556 m³. Weka namba hizi pembeni, tutazirudia.

Imetoka 4, au 8

Nne kwenye mcheduara au pia maana yake umetumia kipenyo mahali pa nusukipenyo. Kipimo kimezidi mara 2, na kanuni inakizidisha kwa chenyewe, ndiyo maana ujazo umezidi mara 4. Kwenye tufe nusukipenyo huzidishwa mara tatu, kwa hiyo kosa lilelile hutoa 8 kwenye ujazo na 4 kwenye eneo. Ukipata robo au moja ya nane, umefanya kinyume: mchoro ulikupa nusukipenyo nawe ukakigawanya tena kwa 2 kwa mazoea.

Chanzo karibu siku zote ni kusoma namba bila kusoma mshale. Mshale unaoanzia kwenye nukta ya katikati ni nusukipenyo. Unaotoka ukingo hadi ukingo na kupita katikati ni kipenyo. Wachoraji wengine huweka mshale wa kipenyo chini kabisa ya umbo, nje, kati ya vistari viwili vya wima. Huo nao ni kipenyo, ingawa haugusi katikati. Ninawaambia wanafunzi wangu waandike "r = 1.4" kwenye mchoro wenyewe, kwa penseli, kabla ya kugusa kanuni yoyote. Wanaofanya hivyo huacha kuniletea namba 4.

Kuna nafasi moja ambapo kosa hili huacha 2 badala ya 4, nayo ni eneo la ubavu wa mcheduara, kwa sababu pale r imetokea mara moja tu. Kwa hiyo ukiona 2 kwenye swali la eneo, angalia mshale kwanza. Kwenye ubavu wa pia mambo huchanganyika zaidi, maana l nayo huharibika ikiwa umeikokotoa kwa r isiyo sahihi. Hapo usitegemee namba safi. Rudi kwenye mchoro.

Paa linasumbua peke yake

Pia ina makosa mawili yake. La kwanza ni kusahau kugawanya kwa 3. Ukilifanya, ujazo wa paa letu unakuwa 6.468 badala ya 2.156, na ukigawanya unapata 3 kamili. Ila hapa kuna mtego wa njia yenyewe. Mwanafunzi hagawanyi ujazo wa paa, anagawanya jumla: 15.4 na 6.468 ni 21.868, na 21.868 kwa 17.556 ni 1.2456, namba isiyosema chochote. Umbo likiwa la vipande viwili na namba ikatoka chafu kama hiyo, toa kipande ambacho una hakika nacho kwenye majibu yote mawili, kisha gawanya kilichobaki. Toa 15.4 kwenye 21.868 unabaki na 6.468, toa 15.4 kwenye 17.556 unabaki na 2.156. Sasa gawanya. Tatu inajitokeza.

Kosa la pili ni la kimo na mshazari, na ndilo ninalolichukulia kwa uzito zaidi kwa sababu mwanafunzi anaweza kukariri kanuni zote bila kasoro na bado akaingia humo. Pia ina vimo viwili machoni pa anayeitazama. Waashi hawababaiki hapa: kimo ni pale inaponing'inia kamba ya timazi, kutoka ncha ya paa kwenda chini moja kwa moja hadi usawa wa ukuta. Mshazari ni pale linapolala bati. Ujazo unataka timazi. Eneo la ubavu linataka bati.

Kwenye paa letu timazi ni 1.05 m na nusukipenyo ni 1.4 m, vinakutana kwa pembe mraba. Kwa hiyo l² = 1.4² + 1.05² = 1.96 + 1.1025 = 3.0625, na kipeuo chake cha pili ni 1.75. Bati lina urefu wa 1.75 m. Eneo la ubavu wa paa ni 22/7 × 1.4 × 1.75, yaani 7.7 m².

Anayechanganya hutumia 1.05 hapo na kupata 4.62 m². Ukigawanya 4.62 kwa 7.7 unapata 0.6, ambayo ndiyo 1.05 gawanya kwa 1.75, kimo kwa mshazari. Akichanganya upande wa pili, yaani akatumia 1.75 kwenye ujazo, namba inakuwa 1.67, mshazari kwa kimo. Hivyo ukipata namba isiyo ya kawaida kwenye pia, jaribu kugawanya vimo vyake viwili uone kama inafanana.

Lakini hata bila jibu la kitabu, 4.62 ilipaswa kumshtua. Sakafu ya kihenge ina 6.16 m². Paa linalofunika sakafu hiyo kwa mteremko haliwezi kuwa dogo kuliko sakafu, maana hata lingelala bapa kama kifuniko cha sufuria lingehitaji mita 6.16 za mraba. Kila unapokokotoa ubavu wa pia, linganisha na duara la kitako chake. Ukipata pungufu, umeweka timazi mahali pa bati.

Angalia vilevile mchoro ulivyoandikwa. Namba iliyowekwa kando ya mstari ulioinama ni mshazari, hata swali likiiita "urefu". Namba yenye kistari cha nukta-nukta kinachoshuka ndani ya umbo, na kijimraba kidogo cha pembe mraba chini yake, ni kimo. Kijimraba hicho ndicho kinachotambulisha kimo, kitafute.

Eneo limezidi, na kugawanya hakusaidii

Tuseme swali linataka eneo la bati la nje litakalopakwa rangi. Ukuta ni 2 × 22/7 × 1.4 × 2.5, sawa na 22 m². Paa ni 7.7 m². Jumla ni 29.7 m². Mwanafunzi analeta 48.18. Gawanya: 1.622. Haina maana yoyote.

Kwenye eneo, kosa kubwa ni la kujumlisha kitu kisichokuwepo, na kosa la kujumlisha huonekana kwa kutoa. 48.18 toa 29.7 ni 18.48. Sasa gawanya hiyo tofauti kwa duara la sakafu: 18.48 kwa 6.16 ni 3. Amehesabu maduara matatu ya ziada. Alikariri "eneo la mcheduara" likiwa na maduara mawili ndani yake, na "eneo la pia" likiwa na duara moja, akayabeba yote. Ila duara la juu la mcheduara na kitako cha pia vimekutana ndani ya kihenge, hakuna brashi itakayofika. Na sakafu imekalia zege.

Kwa sababu hii sikuandika kanuni ya "eneo zima" kwenye orodha ya juu. Inaleta madhara. Andika ubavu peke yake, kisha uzungushe mkono kwenye mchoro ujiulize ni duara gani hewa inaligusa. Ndoo isiyo na mfuniko ina duara moja kwa nje. Bomba halina hata moja. Kwa bakuli la nusu tufe, sehemu iliyopinda ni 2πr². Kama ni nusu tufe iliyojaa, mfano nusu chungwa, unaongeza uso wa kisu, πr², inakuwa 3πr². Tofauti ya jibu lako na la kitabu ikigawanyika sawasawa kwa πr², umepata idadi ya maduara uliyoyazidisha au kuyasahau.

Namba iliyotoka ni kipimo cha mchoro wenyewe

Mpira wa miguu wa saizi ya 5 una mzingo wa sentimita 68 hadi 70 kwa mujibu wa sheria za mchezo. Tuchukue 69: gawanya kwa 2π, nusukipenyo kinakuwa kama sentimita 11. Ujazo wake ni takriban 5,575 cm³, eneo takriban 1,520 cm².

Mtu akipata ujazo wa 507, gawanya 5,575 kwa 507. Ni 11. Namba ileile ya nusukipenyo. Maana yake ameandika r² mahali pa r³. Kanuni mbili za tufe zinafanana sana, na ni rahisi kuchukua kichwa cha moja na mkia wa nyingine. Kinga yake ni kuhesabu urefu: ujazo ni urefu mara urefu mara urefu, kwa hiyo ndani ya kanuni ya ujazo lazima pawe na vipimo vitatu vinavyozidishana. Kwenye πr²h, r ni mbili na h moja, tatu. Kwenye eneo lazima viwe viwili: 2πrh, πrl, 4πr². Mwanafunzi anayesahau ni ipi kati ya 4πr² na 4πr³/3 anaweza kuamua kwa jambo hili peke yake.

Zimetoka sifuri tupu: 100, 1,000, 10,000

Hapa kanuni iko sawa, vizio ndivyo vimevurugika. Fikiria mchoro wa kihenge chetu ungeandika ukuta kama 250 cm na kipenyo kama 2.8 m. Vitabu hufanya hivyo kwa makusudi. Asiyeangalia anazidisha 6.16 kwa 250 na kupata 1,540, mara 100 ya ujazo halisi wa mwili. Geuza vipimo vyote kuwa kizio kimoja kwenye mchoro, kabla ya kuzidisha. Ukigeuza vipimo vya urefu unagawanya kwa 100 na kazi imekwisha.

Taabu inakuja kwa anayegeuza mwishoni. Amepata eneo la kupakwa rangi kwa sentimita, 297,000 cm², anataka mita za mraba, anagawanya kwa 100 na kuandika 2,970 m². Chora mraba wa mita moja kwenye sakafu ya darasa. Upande mmoja unaingia vigae 100 vya sentimita moja, na mistari kama hiyo ni 100, kwa hiyo mita moja ya mraba ina sentimita za mraba 10,000. Kwa ujazo unapanga tabaka 100 za namna hiyo, ni 1,000,000.

Lita ina njia yake fupi. Boksi la sentimita 10 kila upande ni lita moja, na kwenye mita moja ya ujazo yanaingia 1,000. Tangi la lita 1,000 ni mita moja ya ujazo. Kama kihenge chetu kingekuwa tangi, mwili ungebeba lita 15,400. Aliyeandika lita 15.4 ameacha kuzidisha kwa 1,000, na hiyo haijai hata ndoo moja ya lita 20.

Tofauti ni ndogo sana, au ni 3.14

Ikitoka 1.0004 au 0.9991 huna kosa; kitabu kimetumia 22/7 nawe 3.14 au kitufe cha π, au kinyume chake. Tumia ile iliyotajwa kwenye swali. Ikitoka 3.14 kamili, umeweka mabano vibaya na π nayo imezidishwa kwa yenyewe, `(π×1.4)²` badala ya `π×1.4²`. Ikitoka 0.318, umeisahau.

Hakuna jibu la kitabu

Kwenye mtihani, au kwa fundi kazini, hakuna namba ya kugawanya. Tengeneza yako. Fikiria umelifunga umbo ndani ya boksi linalolibana pande zote, kisha kadiria ujazo wa boksi: kipenyo mara kipenyo mara kimo. Mcheduara huchukua robo tatu na ushee ya boksi lake. Tufe huchukua nusu na ushee. Pia huchukua robo na ushee. Hizi hazibadiliki, umbo liwe la kidole au la ghorofa, kwa kuwa ni 11/14, 11/21 na 11/42 tukitumia 22/7.

Mwili wa kihenge: 2.8 × 2.8 × 2.5 ni 19.6, na robo tatu yake ni 14.7. Jibu 15.4 limekaa mahali pake. Jibu la mcheduara kwa kipenyo kilichokosewa ni 61.6, kubwa kuliko boksi lenyewe. Mpira: boksi la sentimita 22 lina cm³ 10,648, nusu yake 5,324, na sisi tulipata 5,575. Anayeweka kipenyo kwenye r³ anapata zaidi ya lita 44, yaani mpira unaomeza ndoo mbili za lita 20 na bado una nafasi.

Robo tatu, nusu, robo: ukitazama vizuri, tufe ni theluthi mbili ya mcheduara unaolibana, na pia ni theluthi moja. Arkimedi wa Sirakusa alilithibitisha hilo la tufe na mcheduara katika karne ya 3 kabla ya Kristo, na akataka maumbo hayo mawili yawekwe juu ya kaburi lake. Mwaka 75 kabla ya Kristo, Mrumi Sisero alilitambua kaburi hilo katikati ya vichaka kwa alama hiyo. La pia unaweza kulipima mwenyewe mezani. Chukua kopo, kunja karatasi ngumu iwe pia yenye mdomo sawa na wa kopo na kimo sawa kwa timazi, kisha pima mchanga kwa hiyo pia. Ya kwanza, ya pili, na ya tatu inasawazisha mdomo. Ukikunja kwa kupima mshazari sawa na kimo cha kopo, ya tatu haitafika ukingoni, na utaona kwa macho yako kosa lile la timazi na bati.

Yule binti alirudi siku ya pili na swali ambalo halikuwa kitabuni: kihenge kile kinaingia magunia mangapi? Tukakokotoa mwili peke yake. Mita moja ya ujazo ya mahindi makavu ina uzito wa takriban kilo 720, kwa hiyo 15.4 inatoa kama kilo 11,088, magunia 110 ya kilo 100. Paa tuliliacha nje ya hesabu, kwa kuwa mahindi yakimwagwa hulala kwa mteremko mdogo kuliko wa paa lile na hayawezi kulijaza hadi kwenye ukingo wa bati.